Vitumbua jioni, zebaki kamwe

"Kijana wangu ana miaka 15, akitoka shule ananisaidia kuuza vitumbua. Jirani anasema ni utumikishwaji wa watoto. Kweli?"

Hapana, mama. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, mradi isimdhuru wala kumkosesha masomo. Ila angalia saa: kuanzia saa mbili usiku hadi kumi na mbili asubuhi haruhusiwi. Akikaa na beseni stendi mpaka saa tatu, au akianza kusinzia darasani, jirani ana hoja.

Huku kwetu Geita wapo wa umri wake wanaochanganya zebaki na mchanga wa dhahabu kwa mikono mitupu. Hiyo ni kazi hatarishi, marufuku chini ya miaka 18, hata iwe likizo na baba yake yupo pembeni.