Kuomba siku za kulipa kodi: ujumbe kabla na baada ya kusahihishwa

Swali: Ninapanga chumba Tabata, Dar es Salaam. Kodi yangu ya miezi mitatu iliisha tarehe 30 Juni, na natakiwa kulipa nyingine, Sh 450,000, lakini mshahara umechelewa na mkononi nina laki moja na nusu tu. Nimeandika ujumbe huu kwa mama mwenye nyumba:

*"Shikamoo mama samahani kodi sikulipa kwasababu mshahara umechelewa naomba uniongezee siku kidogo nita lipa wiki ijayo mungu akipenda tafadhari usinielewe vibaya 🙏🙏"*

Rafiki yangu anasema Kiswahili changu ni cha mtaani, akanitengenezea huu:

*"Mheshimiwa mama mwenye nyumba, ningependa kuchukua fursa hii adhimu kukuarifu kwamba kutokana na changamoto za kifedha zilizo nje ya uwezo wangu, nakuomba kwa unyenyekevu mkubwa unifikirie katika suala zima la kodi."*

Nitume upi? – Mpangaji, Tabata

Jibu: Usitume hata mmoja, lakini kama ningelazimika kuchagua kati ya hiyo miwili, ningechagua wako. Ujumbe wako una makosa, ila una kodi, una mshahara, una ombi na una ahadi. Ujumbe wa rafiki yako hauna kosa hata moja la tahajia, na hauna habari. Mama mwenye nyumba akiusoma mara tatu bado hatajua kama unaomba siku, unaomba upunguziwe kodi au unaaga.

Nianze na makosa ya kuandika, kwa kuwa hayo yanakwisha haraka. "Kwasababu" ni maneno mawili, "kwa sababu". "Nita lipa" ni neno moja, "nitalipa", kwa sababu kiambishi cha nafsi na cha wakati haviachani na kitenzi chake. "Tafadhari" ni "tafadhali". Jina la Mungu huanza kwa herufi kubwa. Siku zinahesabika, kwa hiyo ni "siku chache" na si "siku kidogo". Makosa haya yanasahihishwa kwa dakika moja, na sidhani kama kuna mwenye nyumba aliyewahi kumnyima mtu siku kumi kwa sababu ya herufi *r*.

Kosa lenye uzito limejificha katika neno ambalo tahajia yake ni sahihi kabisa, nalo ni "sikulipa". Ukanushi wa *-ku-* unafunga jambo: muda wa kulipa ulikuwapo, ukapita, na hukulipa. Ukanushi wa *-ja-* unaliacha wazi: "sijalipa" maana yake hadi sasa bado, na jambo linaendelea kusubiriwa. Mtu anayedai anazisikia tofauti hizi hata kama hajui kuzieleza. Ukimwambia "kodi sikulipa" unamtolea taarifa ya jambo lililokwisha, na papo hapo unamwomba siku za kulitimiza. Ukimwambia "kodi sijalipa", ombi la siku linafuata lenyewe bila kusukumwa.

Kosa la pili ni kwamba ujumbe wako hauna nukta hata moja, na hilo linaathiri zaidi ya sura yake. "Nitalipa wiki ijayo Mungu akipenda tafadhali usinielewe vibaya" inaweza kusomwa kwamba utalipa wiki ijayo endapo mambo yatakwenda vizuri, na yasipokwenda vizuri asikuelewe vibaya. Sina tatizo na kumtaja Mungu katika ahadi, na wengi wetu tumelelewa tusipange jambo bila kusema hivyo. Ila katika ujumbe wa deni, maneno hayo yakiwa yamebanwa na ahadi bila alama yoyote, yanasomeka kama sharti. Ukitaka kuyaweka, yaweke baada ya tarehe kamili na yafuatwe na nukta. "Usinielewe vibaya" iondoe kabisa, kwa kuwa inamfanya msomaji aanze kutafuta huo ubaya uko wapi.

Jambo la tatu ndilo ninalokutana nalo karibu katika kila ujumbe wa aina hii: "wiki ijayo". Ukiituma Jumanne, wewe unaweza kuwa unamaanisha Ijumaa ya wiki inayofuata, na yeye akaanza kukusubiri Jumatatu. Kufikia Jumatano umeshakuwa mwongo machoni pake ilhali kwa hesabu yako bado una siku mbili. "Siku kumi" nayo ina tatizo hilohilo kama husemi zinaanzia lini. Andika tarehe, na kando yake andika jina la siku. Vikipingana, mmojawenu ataliona kosa kabla halijaleta ugomvi. Angalia pia maneno yanayoitangulia tarehe: "kabla ya tarehe 11" inakubana ulipe mwisho tarehe 10, wakati "hadi tarehe 11" kwa matumizi ya kawaida inaihesabu na siku hiyo yenyewe.

Kwa kesi yako, ningeandika hivi:

*"Shikamoo mama. Ni mpangaji wa chumba namba 4. Kodi ya Julai hadi Septemba, Sh 450,000, sijalipa kwa sababu mshahara umechelewa. Naomba uniongezee muda hadi Ijumaa tarehe 11 Julai. Leo nakutumia Sh 150,000, na siku hiyo nitamalizia Sh 300,000. Naomba unijibu kama umekubali."*

Namba ya chumba nimeibuni. Weka yako, pamoja na jina lako. Nimekutambulisha kwa sababu mwenye nyumba mwenye wapangaji wengi hana lazima ya kuwa amehifadhi namba yako ya simu, na ombi lisilo na mwenyewe haliwezi kukubaliwa. "Shikamoo" imebaki mahali pake, na hiyo ndiyo heshima inayohitajika; kama angekuwa rika lako ingetosha "habari za leo". Sababu nimeiacha katika maneno mawili uliyoyatumia mwenyewe, "mshahara umechelewa", kwa kuwa ni sababu inayoeleweka na ina mwisho. Ile laki moja na nusu, ambayo katika ujumbe wako hukuitaja kabisa, nimeipeleka mbele, kwa sababu ndiyo hoja yako yenye nguvu kuliko zote. Sentensi ya mwisho inamtaka ajibu, maana bila jibu hujapewa siku, umeomba tu.

Kuhusu ile mikono miwili ya emoji, kama unatuma kwa WhatsApp haina madhara. Kama unatuma meseji ya kawaida, ina gharama ambayo wengi hawaijui. Meseji moja ya kawaida hubeba herufi 160, na ujumbe mrefu hukatwa katika vipande vya herufi 153. Ukiingiza emoji hata moja, simu hubadili mfumo wa usimbaji kwa ujumbe mzima, na uwezo unashuka hadi herufi 70 kwa meseji moja, au 67 kwa kila kipande. Maneno yako, bila emoji, yana herufi 160 kamili pamoja na nafasi, yaani meseji moja. Kwa mikono ile miwili yanakuwa meseji tatu. Ujumbe niliouandika ni meseji mbili, na ukiutia emoji moja unakuwa meseji tano.

Sasa nirudi kwa rafiki yako, kwa sababu si yeye peke yake. Kila wiki naletewa ujumbe wa watu uliopitia mikononi mwa "mtaalamu" wa steshenari au uliochukuliwa katika vikundi vya simu, ambako watu wanauziana maneno ya kumlainisha mwenye nyumba. Wote wana imani moja: kwamba kusahihisha Kiswahili ni kukipandisha cheo, kutoa maneno ya kawaida na kuweka "adhimu", "unyenyekevu" na "suala zima". Imani hiyo inanikera kuliko kosa lolote la tahajia, kwa sababu inawaumiza watu walioandika vizuri zaidi walipoandika wenyewe. Kiswahili sanifu si Kiswahili kigumu. "Sijalipa kwa sababu mshahara umechelewa" ni Kiswahili sanifu kisichopungukiwa na chochote. "Changamoto za kifedha zilizo nje ya uwezo wangu" ni sanifu pia, lakini kazi yake ni kuficha, na anayedai hela yake anatambua haraka kwamba anafichwa. Zaidi ya hayo, anakujua unavyozungumza. Ukimjia ghafla na "fursa hii adhimu" atajua kwamba maneno si yako, na atajiuliza kama ahadi nayo ni yako.

Wapo walio wabaya zaidi, wanaofundisha watu kuandika "nimeshatuma, mtandao unasumbua" ili wapate siku mbili tatu. Hapo hatuzungumzii tena lugha bali uongo, na lugha yenyewe inaunasa: *-mesha-* inasema tendo limekamilika, na muamala uliokamilika unaleta ujumbe wa uthibitisho wenye namba yake ya kumbukumbu. Mwenye nyumba ataiomba namba hiyo. Ndiyo maana katika ujumbe wako nimeandika "nakutumia", si "nimekutumia". Ukipenda kuandika "nimekutumia", tuma hela kwanza, subiri uthibitisho, ndipo uandike.

Na yeyote anayenunua maneno ya kunakili akumbuke kwamba anayaweka chini ya namba yake mwenyewe ya simu. Ujumbe haupotei kama maneno ya mlangoni. Tanzania ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, inayouruhusu ujumbe wa kielektroniki kupokewa kama ushahidi, kwa hiyo ulichokiandika kuhusu deni, kiasi na tarehe kinaweza kusomwa mbele ya watu wengine siku mkikosana. Nimeona ujumbe wa kunakili uliotaja "miezi miwili ninayodaiwa" ukitumwa na mtu aliyekuwa akidaiwa mmoja, kwa sababu hakusoma alichokibandika. Kwa mkono wake mwenyewe alikuwa amekiri deni lisilo lake, na kulifuta kulimgharimu maelezo mengi kuliko kuandika sentensi sita zake mwenyewe.

Kabla ya kutuma, pitia mkataba wako uone kama unataja siku za nyongeza au faini ya kuchelewa, kwa maana hakuna ufasaha unaoweza kubadilisha kilichosainiwa. Halafu, kama ilivyo desturi ya wenye nyumba wengi, huenda mama asijibu kwa kuandika bali akapiga simu na kusema sawa. Mshukuru, kisha siku hiyohiyo mwandikie:

*"Asante mama kwa kunikubalia kwa simu leo kwamba nimalizie Sh 300,000 Ijumaa tarehe 11 Julai."*