Kuandika kuhusu Mpeketoni bila kuishitaki dini nzima

Kosa kubwa katika tasnifu kuhusu mashambulizi ya Al-Shabaab, kundi lenye silaha la Somalia, huanzia kwenye kiambishi kimoja, Ki-. Mwandishi anaandika "mashambulizi ya Kiislamu" akidhani amesema "mashambulizi yaliyofanywa na kundi linalojiita la Kiislamu." Kumbe hakusema hivyo. Katika Kiswahili, vazi la Kiislamu ni vazi linalofuata Uislamu, na ndoa ya Kiislamu ni ile iliyofungwa kwa taratibu za Uislamu. Basi shambulio la Kiislamu nalo msomaji analisikia hivyo hivyo, kwamba ndivyo dini inavyotaka. Hoja nzito kama hiyo imeingia kwenye ikisiri bila ushahidi hata mstari mmoja.

Tuchukue Mpeketoni, Kaunti ya Lamu, kwa kuwa ni tukio linaloandikwa sana na kuharibiwa sana. Sentensi ya kawaida ya rasimu ya kwanza huwa hivi:

"Mnamo Juni 2014 magaidi wa Kiislamu waliwachinja Wakristo wasio na hatia mjini Mpeketoni."

Maneno machache, matatizo manne. "Magaidi" ni neno lenye maana ya kisheria, na Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2012. Ukilitumia, sema kama unaifuata sheria hiyo, unamnukuu mtu, au una fasili yako. "Wa Kiislamu" tumeshalisema. "Waliwachinja" linajumuisha mauaji yote chini ya njia moja, ilhali wengi walipigwa risasi. Na "wasio na hatia" linaonekana la huruma, lakini linaacha mlango wazi kwamba kuna wengine waliostahili kuuawa. Lifute tu.

Sasa ijenge upya kwa kutenganisha tabaka nne: kilichotokea, aliyedai kuhusika, walichosema walionusurika, na unachohitimisha wewe. Kila tabaka lipate sentensi yake na mwenye kauli wake:

"Usiku wa 15 Juni 2014 watu wenye silaha waliingia Mpeketoni, wakashambulia kituo cha polisi, wakachoma hoteli na magari, na kuua wanaume. Usiku uliofuata vijiji vya jirani navyo vilishambuliwa, na waliouawa katika siku hizo walizidi 60. Al-Shabaab ilitangaza kuhusika. Tarehe 17 Juni Rais Uhuru Kenyatta alikanusha dai hilo, akalaumu mitandao ya kisiasa ya eneo hilo. Walionusurika walieleza kwamba washambuliaji waliwauliza wanaume dini yao kabla ya kuwaua."

Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, ndiyo. Lakini angalia kwamba dini haikuondolewa. Imewekwa pale ambapo ushahidi unaiweka, yaani kwenye swali lililoulizwa mlangoni. Kuna waandishi ambao kwa adabu huifuta kabisa, wakabaki na "wahalifu wasiojulikana." Hapo umemnyima aliyenusurika jambo ambalo yeye analijua vizuri kuliko wewe: kwamba jibu lake kuhusu dini ndilo lililoamua kama ataishi.

Tabaka la pili ndilo linalowapotosha wengi. Tangazo la kuhusika ni ushahidi wa kile ambacho kundi linataka lisikike limekifanya. Sababu halisi ni suala jingine. Lisome lote, usichukue mstari mmoja wa jihadi. Tangazo la Mpeketoni lilitaja majeshi ya Kenya yaliyoingia Somalia, jambo lililoanza Oktoba 2011. Lilitaja mauaji ya masheikh. Aboud Rogo alikuwa ameuawa Mombasa Agosti 2012, na Abubakar Shariff, maarufu Makaburi, Aprili 2014. Kisha likadai kwamba mji huo ulikuwa wa Waislamu kabla ya kuvamiwa na walowezi Wakristo. Hilo la mwisho ni suala la ardhi lililovishwa kanzu. Ukilinukuu bila kuivua hiyo kanzu, umekuwa msemaji wa kundi.

Kuivua ni kurudi kwenye mpango wa makazi wa Ziwa Kenyatta wa miaka ya 1970, ambao serikali iliutumia kugawa mashamba, na wengi waliopewa walikuwa familia za Wakikuyu kutoka bara. Wabajuni wengi wa sehemu hizo walikuwa wamekwisha kuhama makwao wakati wa vita vya Shifta, kati ya serikali na waasi Wasomali wa Kenya, katika miaka ya 1960. Manung'uniko ya ardhi yalikuwepo kabla ya Al-Shabaab kuzaliwa. Lakini usiteleze upande wa pili ukaandika "chanzo halisi ni ardhi, dini ni kisingizio." Malalamiko ya ardhi yapo sehemu nyingi za Pwani, na sehemu nyingi hazikuchomwa. Unachoweza kutetea ni kwamba kundi lenye silaha lilikuta mgawanyiko wa ardhi, kabila na dini ukiwa umelaliana, likautumia.

Kauli ya rais nayo ipime kwa mizani hiyo hiyo. Serikali ambayo polisi wake walizidiwa nguvu ina sababu zake za kupendelea maelezo fulani.

Usiandike pia "hawa si Waislamu wa kweli." Nia ni njema, ila hapo unatoa hukumu ya ukafiri, kazi ambayo Al-Shabaab yenyewe inaipenda mno. Ukitaka kuonyesha kwamba masheikh waliwakataa, taja nani alisema nini na lini, ndani ya hoja yako. Ile aya ya lazima ya "hata hivyo, Waislamu wengi wanalaani ugaidi" inawaweka watu kizimbani wajitetee kwa jambo wasilolifanya. Tukio la Desemba 2015 karibu na El Wak, Mandera, lina uzito zaidi: abiria Waislamu ndani ya basi lililovamiwa na Al-Shabaab walikataa kutenganishwa na wenzao Wakristo. Liingize kama data kuhusu mipaka ya mkakati wa kuwagawa watu, na lina nguvu kwa sababu mwaka mmoja kabla yake, Novemba 2014, abiria 28 wa basi jingine Mandera walitenganishwa na kuuawa.

Kama unahoji watu, upendeleo unaanzia kwenye dodoso. "Kwa nini Waislamu waliwashambulia?" limeshajijibu. Uliza: "Walipofika walisema nini? Kwa lugha gani? Walimwacha nani?"

Kabla ya kumpelekea msimamizi, tafuta kwenye faili kila palipo na "Kiislamu" na "Waislamu," kisha ubadilishe kwa "Kikristo" na "Wakristo" ukiwa na Joseph Kony kichwani. Kundi lake la waasi wa kaskazini mwa Uganda, LRA, lilidai kupigania Amri Kumi, na hakuna anayeandika "ukatili wa Kikristo wa Acholi." Vifo vya Shakahola mwaka 2023 vilihusishwa na mhubiri na wafuasi wake, si na Ukristo. Sentensi inayokukera baada ya mabadiliko hayo ilikuwa na kasoro tangu mwanzo. Kuwa mwangalifu na jambo moja: palipo na jina la taasisi au maneno yaliyonukuliwa, usiguse.

Mwisho kabisa angalia kichwa cha habari, maana wengi husafisha sura zote wakakisahau. "Jihadi Yavamia Lamu" inauza gazeti. "Ardhi, dini na madai ya kuhusika: shambulio la Mpeketoni, Juni 2014" inamwambia msomaji atakachokikuta ndani.