Moto wa kwenye renda, utazame dari na mawe

Wateja wanaojenga Molo na Mau Narok karibu wote huomba meko sebuleni, kwa sababu ya baridi ya huko juu. Mimi nawachorea nikiwa Nakuru, kwa Blender. Nikipokea renda ya mwenzangu ili niikague, miali naiacha mwisho. Naanza na dari.

Chukua meko ambayo mdomo wake una urefu wa sentimita 75 kutoka sakafuni hadi ukingo wa mbele wa linta. Kitovu cha moto kiko sentimita 25 juu ya sakafu, na sentimita 40 ndani. Mwanga unaopita chini ya linta utapanda sentimita 50 kwa kila 40 unazosonga mbele. Dari ikiwa mita 2.7, hauigusi mpaka ufike kama mita moja na nusu kutoka kwenye meko. Kwa hiyo uso wa ukuta ulio juu ya linta haupati mwanga wa moto moja kwa moja. Unaopata ni ule uliogonga sakafu na viti ukarudi. Ukuona renda yenye rangi ya chungwa iliyokolea juu ya linta, jua kuna taa imewekwa nje ya meko.

Kuhusu miali yenyewe, `Emission` ikipata rangi kutoka `Blackbody` ya 1900 hivi inatosha. Makaa nayapa 1200. Shida ni kwamba nguvu ya kuangaza sebule hufanya mwali uwe mweupe kabisa mbele ya kamera. Tenganisha mambo hayo mawili: chukua `Is Camera Ray` ya nodi ya `Light Path`, uipeleke kwenye `Factor` ya nodi ya `Mix`, A iwe 30 na B iwe 3, kisha jibu liingie `Strength`. Kamera itaona 3, chumba kitaangazwa kwa 30. Namba hizo ni za kuanzia tu. Na kama ni mchana na jua limeingia dirishani, punguza zote. Mwali wa kweli juani hauonekani sana.

Masizi ndiyo watu hupaka ovyo. Dohani inayovuta vizuri hubeba moshi juu, hivyo weusi hukaa ukuta wa nyuma, juu ya kuni, na upande wa ndani wa linta. Pale miali inapolamba jiwe kwa joto kali, masizi huungua na jiwe hubaki jeupe kidogo. Kibaka hicho cheupe katikati ya weusi ndicho kinachonishawishi kwamba aliyechora amewahi kuota moto. Rangi ya masizi isiwe sufuri, 0.03 inafaa, na `Roughness` 0.95. Ukiyapaka nje, juu ya linta, mwenye nyumba atakuuliza mbona dohani yake inarudisha moshi.