Tangazo la mechi ya timu ya mtaa: andika saa tatu tofauti

"Wakuu, nimepewa usemaji wa timu ya mtaani kwetu. Kila nikitoa tangazo, wachezaji wanachelewa na mashabiki wanafika mpira uko mapumziko. Mnaandikaje tangazo la siku ya mechi? Na mashabiki mnawaitaje?"

Mkuu, mimi niko kwenye kiti hicho msimu wa sita sasa, timu ya Kigogo hapa Dar. Msimu wa kwanza niliandika "Jumapili hii mechi saa 10, tusichelewe". Saa 10 kasorobo wachezaji wakawa ndiyo wanajikusanya maskani, wakati mechi iko ng'ambo ya mji. Uwanjani walikuwepo sita waliokwenda kivyao. Kisheria mpira hauanzi timu ikiwa na pungufu ya wachezaji saba, basi refa akasubiri robo saa, akapuliza, wenzetu wakachukua pointi za mezani. Nilitukanwa wiki nzima, na kwa haki kabisa.

Kosa langu lilikuwa kutoa saa moja kwa watu wenye safari tofauti. Siku hizi naanzia saa ya mpira na kuhesabu kurudi nyuma. Chukua mechi ya Zakhiem, Mbagala, mpira saa 10:00 jioni. Kadi zinakaguliwa saa 9:15, kwa hiyo wachezaji wawe uwanjani saa 9:00. Kutoka Kigogo mpaka kule, ukiiwekea barabara ya Kilwa foleni yake, nahesabu saa nzima na ushee. Gari la wachezaji liondoke saa 7:45, wao wakutane saa 7:15. Hiyo nusu saa ni ya yule anayesema "nipo njiani" huku maji ya kuoga bado yako kwenye ndoo. Kila timu inaye.

Mashabiki hawana haja ya kukaa juani tangu saa 9, kosta yao inaondoka 8:15. Tangazo linatoka hivi:

TANGAZO LA MECHI
Jumapili, 16 Agosti 2026
KIGOGO na MBAGALA
Uwanja: Zakhiem, Mbagala
Mpira unaanza: saa 10:00 JIONI
WACHEZAJI: maskani saa 7:15 mchana, gari linaondoka 7:45. Njoo na kadi yako. Jezi ni nyeupe, ziko kwa meneja.
MASHABIKI: kosta inaondoka maskani saa 8:15 mchana. Nauli kwenda na kurudi 3,000, mwisho wa kulipa Jumamosi saa 2 usiku kwa mhazini. Vaa nyeupe. Mwenye ngoma aje nayo, tunakaa nyuma ya benchi letu.

Tarehe usiiache. "Jumapili hii" ikishafowadiwa kwenye makundi matano inaendelea kuzunguka mpaka wiki inayofuata, na kuna watu watakwenda uwanja mtupu. "Jioni" nayo iandike. Kijana wetu mmoja alitengeneza poster nzuri kweli, ila akaweka 4:00 kama simu yake inavyosema. Mzee mmoja, shabiki wetu wa siku zote, alifika saa 4 asubuhi akakuta watoto wanacheza chandimu.

Poster yenyewe naitumia kama pambo tu. Ratiba ikibadilika, picha ya zamani haifutiki kwenye simu za watu. Maandishi nayarekebisha, naweka juu kabisa "TANGAZO JIPYA, la Alhamisi lisifuatwe", kisha nasema kilichobadilika ni kipi: uwanja, au saa. Halafu naandika kwa chaki kwenye ubao wa maskani, maana wazee wengi hawamo kwenye kundi.

Kuhusu kuwaita mashabiki: maneno ya "njooni kwa wingi" hayajazi gari. Mpe mtu kazi na siku ya mwisho. Ile nauli ya kabla ndiyo inayonionyesha Jumamosi usiku kama nakodi kosta moja au mbili. Mara ya mwisho walilipa 22, nikakodi moja, na waliosema "nitalipa palepale" walikuja wanane, tukawabana kwenye siti zilizobaki. Taja pia anayeshika hela, awe mmoja. Wakiwa wawili, Jumatatu mtakuwa na kikao cha ugomvi.

Na usiogope kuandika kwamba shabiki akiingia uwanjani au akimrukia refa, faini inalipwa na timu. Wetu nilikuwa nawaambia kwa mdomo hawasikii. Nilipoiweka kwenye tangazo pamoja na kiasi tulichowahi kulipa, wakaanza kuzuiana wenyewe kwa wenyewe.

Tangazo natoa Alhamisi jioni. Jumapili saa 3 asubuhi narudia kwa ufupi, mistari mitatu tu: 7:15 wachezaji, 8:15 kosta, 10:00 mpira.