Kikinga volti cha friji: kwa nini rilei inagongagonga

Nyumba ya shamba iliyo mwisho wa laini, jioni watu wote wakipika na kuwasha taa, inaweza kupata volti 190 badala ya 230. Kompresa inanguruma, haianzi, inapata moto. Kikinga cha rilei na aisii ya LM393, yenye komparata mbili za kulinganisha volti, kinaukata umeme kabla ya hapo, ila vingi vinavyoundwa mitaani vina makosa mawili.

La kwanza ni mahali pa kuchukulia kipimo. Transfoma ya volti 12, daraja la dayodi na kapasita hutoa volti 15.6 hivi umeme ukiwa 230, na 12.6 ukiwa 190. Badiliko hilo ndilo unalolitaka. Ukichukua kipimo baada ya regyuleta ya 7812, utaona 12 tu umeme ukiwa 220 au 260, na komparata haitambui kitu. Kwa hiyo 7812 ilishe aisii na rilei, kipimo kitoke kabla yake, kipite rezista ya kilo-ohm 10 na preseti ya kilo-ohm 10. Rejea, yaani volti ya kulinganishia, iwe zena ya volti 5.1. Kumbuka LM393 huvuta chini tu, haisukumi: bila rezista ya kilo-ohm 4.7 kutoka volti 12 hadi kwenye tokeo, transista inayoendesha rilei haitawaka, na rilei haitashika kamwe.

La pili ndilo linaloua mafriji. Umeme ukipanda hadi 191 rilei inashika, friji inaanza, mzigo wake unashusha umeme hadi 184, rilei inaachia. Umeme unapanda, inashika tena. Tak, tak, tak, na nukta za rilei zinaungua. Dawa ni pengo: kata 190, rudisha 205. Weka rezista ya kilo-ohm 10 kati ya preseti na mguu chanya wa komparata, kisha kilo-ohm 220 kutoka tokeo kurudi kwenye mguu huo huo. Hiyo ndiyo inayoleta pengo. Likiwa bado dogo kwa laini yako, shusha 220 iwe 150.

Preseti irekebishwe baada ya kufunga hiyo 220, maana nayo husogeza kizingiti. Chomoa transfoma, lisha kapasita kwa pawasapulai ya kurekebishika, shuka polepole. Rilei iachie ifikapo 12.6. Usijaribu kufanya hivyo kwenye umeme wa ukutani.

Komparata ya pili hukata juu ya 255. Tokeo za komparata zote mbili ziunganishwe pamoja. Yoyote ikivuta chini, rilei inaachia. Lakini rilei huchukua milisekunde kadhaa, kwa hiyo radi itakuwa imeshapita. Hapo weka fyuzi na varista ya volti 275 kati ya laivu na nyutro.

Friji inahitaji pia kusubiri dakika 3 kabla ya kurudishiwa umeme, gesi isawazike. Kaunta ya 4060 hutoa muda huo bila kuyumba kama kapasita kubwa. Upepo wa bahari nao hula shaba: paka ubao vanishi, nukta za rilei na tamino usizipake.