Stakabadhi mbili zenye namba moja: replika ikisimama kwa 1062, usiiruke

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Nachingwea, ambaye hutunza hifadhidata ya biashara ya ufuta, aliniandikia usiku: "Shikamoo kaka. Umeme ulikatika, tukahamia seva ya pili. Seva ya zamani imerudi, nimeifanya replika, lakini imesimama na kosa la 1062. Je, niruke?" Kosa la 1062 hutokea pale mstari unapokataliwa kwa sababu namba yake tayari ipo kwenye jedwali, na kuruka ni kuuacha muamala huo upite bila kutekelezwa. Nilimjibu papo hapo asiguse kitu mpaka tuzungumze. Swali lake nililijibu vibaya mimi mwenyewe miaka kadhaa iliyopita hapa Mtwara, na jambo lile halijanitoka moyoni hadi leo.

Wakati ule nilikuwa ninatunza hifadhidata ya MySQL 8.0 iliyohifadhi stakabadhi za korosho. Seva kuu, tuliyoiita mtwara1, ilikuwa katika ofisi iliyopakana na ghala, na replika yake, lindi1, ilikuwa Lindi mjini. Siku moja ya msimu umeme ulikatika asubuhi. Seva, swichi na kompyuta ya karani zilikuwa kwenye betri ya akiba, lakini ruta iliyotuunganisha na Lindi haikuwa. Kwa dakika chache karani aliendelea kupokea mzigo, akachapa stakabadhi tatu, namba 48214, 48215 na 48216, akawakabidhi wakulima karatasi zao. Baada ya hapo betri ikaisha na seva ikazimika. Stakabadhi hizo tatu hazikuwahi kufika Lindi.

Niliipandisha lindi1 kuwa seva kuu. Namba ya mwisho iliyoijua ilikuwa 48213, kwa hiyo mkulima wa kwanza aliyepimiwa baada ya hapo, katika ghala jingine, alipewa 48214, aliyemfuata 48215, kisha 48216. Kufikia adhuhuri kulikuwa na karatasi sita mikononi mwa watu sita, na namba zake zilikuwa tatu tu. Hakuna aliyekosea. Ndivyo urudufishaji usio wa papo kwa papo unavyofanya kazi: seva kuu humthibitishia mteja kwamba kazi imekamilika bila kusubiri replika ipokee.

Jioni umeme uliporudi niliiwasha mtwara1 na kuielekeza kwa lindi1 kama replika. Iliunganika bila ubishi, kisha ikasimama:

```
Last_SQL_Errno: 1062
Could not execute Write_rows event on table ghala.stakabadhi;
Duplicate entry '48214' for key 'stakabadhi.PRIMARY'
```

Wengi hushangaa kwamba iliunganika kwanza. MySQL hukataa replika iliyotangulia mbele ya seva kuu pale tu ambapo miamala ya ziada ina kitambulisho cha hiyo seva kuu mpya. Miamala yetu mitatu ilikuwa na kitambulisho cha mtwara1 yenyewe, kwa hiyo lindi1 haikuwa na sababu ya kulalamika. Kosa lilijitokeza pale tu mstari ulipogongana na mstari.

Nilifanya kile ambacho karibu kila mtu hukifanya akiwa amechoka. Niliingiza muamala mtupu mahali pa ule uliogoma, nikaanzisha tena urudufishaji, ukasimama kwenye 48215, nikarudia, kisha 48216. `Seconds_Behind_Source` ikasoma 0, nami nikaenda kulala. Wiki mbili baadaye nilirudisha uongozi kwa mtwara1. Safari hii ni lindi1 iliyosimama kwa 1062, kwenye namba zilezile tatu, kwa sababu mtwara1 ilikuwa bado na miamala yake mitatu kwenye logi na ikaituma. Hapo palinipasa kushtuka. Nikaruka tena.

Tangu siku hiyo seva zote mbili zilionekana nzima, na kila moja ilikuwa na wakulima wake watatu. Kuruka hakurekebishi mstari. Huacha nje muamala mzima, pamoja na mistari ya magunia iliyofuatana nao. Isitoshe, hesabu ya mistari katika jedwali la stakabadhi ilikuwa sawa pande zote mbili, kwa hiyo hata aliyelinganisha idadi asingeona kitu.

Aliyegundua ni mzee mmoja kutoka Nanyamba. Alikuja ofisini na karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni, namba 48215, kilo 312. Kwenye mfumo namba hiyo ilikuwa ya mtu mwingine, kilo 87, na malipo yalikuwa yameshatoka. Mzee aliniambia, "Mwanangu, mimi sijui kompyuta, lakini mizani niliiona kwa macho yangu." Mkuu wangu alinilaumu mbele ya ofisi nzima kana kwamba nilikuwa nimeiba. Sikuiba, lakini sikuwa na la kumjibu yule mzee, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Sasa niseme inavyopaswa kufanywa, kama nilivyomwelekeza kijana wa Nachingwea.

Jambo la kwanza ni kuizuia seva ya zamani isiandikwe na mtu yeyote, na kunakili data yake mahali pengine kabla ya jitihada yoyote ya kuifufua. Endesha `STOP REPLICA`, weka `super_read_only` iwe `ON`, kisha izime kwa utaratibu na unakili saraka nzima ya data pamoja na logi zake za binari kwenye diski nyingine. Nakala hiyo ndiyo mahali pekee duniani ambapo zile stakabadhi za ziada zimehifadhiwa. Ukiifuta, umewafuta watu.

Jambo la pili ni kuuliza ni nini hasa seva ya zamani inacho ambacho seva kuu mpya haina. Ikiwa mnatumia GTID, yaani kitambulisho cha kipekee cha kila muamala, swali hili lina jibu kamili, wala halihitaji kukisia. Iwashe tena seva ya zamani ikiwa ya kusoma tu na bila kuanzisha urudufishaji, chukua thamani ya `gtid_executed` kutoka kila seva, kisha:

```
SELECT GTID_SUBTRACT('<ya mtwara1>', '<ya lindi1>');
```

Kwetu mtwara1 ilikuwa na miamala yake 1 hadi 90417, na lindi1 ilikuwa na 1 hadi 90414 ya mtwara1, pamoja na ile iliyoandika yenyewe. Jibu lingekuwa 90415-90417, miamala mitatu, laiti ningeuliza jioni ile. Jibu likiwa tupu, seva ya zamani haina muamala wa ziada uliorekodiwa, na chanzo cha mgongano ni kingine. Mara nyingi ni mtu aliyeandika kwenye replika huku amezima logi ya binari. Likiwa na namba ndani yake, usiendelee mpaka umeifungua miamala hiyo na kuisoma:

```
mysqlbinlog --base64-output=DECODE-ROWS -vv \
  --include-gtids='<UUID ya mtwara1>:90415-90417' binlog.000212
```

Utaona kila mstari ulioingizwa, safuwima kwa safuwima: namba, mkulima, kilo, saa. Hapa kazi inatoka mikononi mwa fundi na kuingia mikononi mwa wenye ghala. Kwa kila muamala lazima mtu anayeijua biashara aseme kama mzigo ulipokelewa kweli, na karatasi halisi itafutwe. Ule uliothibitishwa huingizwa upya kwenye seva kuu mpya kwa namba mpya, kupitia mfumo wenyewe na si kwa amri ya mkono, ili mistari ya magunia na hesabu nyingine zifuatane nao, na mkulima abadilishiwe karatasi. Usithubutu kuisukuma miamala hiyo kama ilivyo kwenye seva kuu, kwa kuwa itagongana na namba ambazo zina wenyewe tayari.

Jambo la tatu, na hapa ndipo wengi hubishana nami, ni kuijenga seva ya zamani upya yote badala ya kuirekebisha mstari kwa mstari. Ninajua kwamba ukifuta mistari mitatu replika itaendelea. Lakini ile miamala mitatu ingali ndani ya `gtid_executed` na ndani ya logi yake, na siku utakayoirudishia uongozi itaituma kama ilivyonitumia mimi. Tangu toleo la 8.0.17 MySQL ina plagini ya kunakili seva nzima kupitia mtandao. Inapaswa kuwekwa pande zote mbili, na mtumiaji wa upande unaotoa awe na ruhusa ya `BACKUP_ADMIN`. Upande unaopokea:

```
SET GLOBAL clone_valid_donor_list = 'lindi1:3306';
CLONE INSTANCE FROM 'mnakili'@'lindi1':3306 IDENTIFIED BY '...';
```

Amri hii hufuta data yote ya seva inayopokea, ndiyo maana nakala ya hatua ya kwanza haina mjadala. Hakikisha mara mbili kwamba umeketi kwenye seva sahihi. Mimi huendesha `SELECT @@hostname` kabla ya kubonyeza. Vilevile plagini hii hubeba majedwali ya InnoDB tu, kwa hiyo aliye na majedwali ya kizamani ya MyISAM atumie bakapu ya kawaida. Seva ikishajiwasha upya, iunganishe:

```
CHANGE REPLICATION SOURCE TO SOURCE_HOST='lindi1',
  SOURCE_USER='replika', SOURCE_PASSWORD='...', SOURCE_AUTO_POSITION=1;
START REPLICA;
```

Usiridhike na `Seconds_Behind_Source` kusoma 0. Namba hiyo inakuambia kwamba replika imemaliza kutekeleza ilichopokea, wala haisemi lolote kuhusu yaliyomo. Rudia `GTID_SUBTRACT` ile ile, ya mtwara1 ukitoa ya lindi1, na safari hii lazima irudishe utupu. Kisha linganisha yaliyomo kwa `pt-table-checksum`, inayopiga hesabu ya kila fungu la mistari kwenye seva kuu na kwenye replika. Chombo hicho kingenionyesha zile stakabadhi tatu usiku uleule.

Kuna ushauri unaosambaa kwamba uweke `auto_increment_increment=2`, na `auto_increment_offset` iwe 1 kwenye seva moja na 2 kwenye nyingine, ili seva moja itoe namba witiri na nyingine namba shufwa, zisigongane kamwe. Ninaupinga kwa seva zinazopokezana uongozi. Stakabadhi tatu zingebaki mtwara1 pekee, lindi1 isingezijua, na hakuna kosa ambalo lingejitokeza. Lile kosa la 1062 ndilo lililokuwa linanionya, nami nikalinyamazisha mara sita. Afadhali uweke `super_read_only=ON` kwenye faili ya mipangilio ya kila seva, ili yoyote inayowaka baada ya umeme kurudi iamke ikiwa ya kusoma tu, na binadamu ndiye aifungue. Urudufishaji wa kusubiri replika ithibitishe nao husaidia, lakini kwa kawaida seva husubiri sekunde 10 tu, kisha hurudi kwenye mwendo wa zamani. Kwa ruta iliyozimika kama yetu, karani angesubiri sekunde hizo kwa stakabadhi ya kwanza, na zilizofuata zingepita bila kizuizi. Ukirefusha muda huo, ghala litasimama mtandao ukikatika, na huo ni uamuzi wa mwenye mzigo, si wako peke yako.

Siku hizi ruta yetu iko kwenye betri ileile ya seva.

Kijana wa Nachingwea aliniletea jibu lake kesho yake saa nne asubuhi. Hesabu ilimrudishia miamala 11. Minane ilikuwa mizigo halisi ya ufuta, miwili ilikuwa majaribio ya fundi aliyekuwa anapima mfumo wakati ruta imezima, na mmoja hakuna aliyeutambua. Huo mmoja bado wanautafutia karatasi, na seva ya zamani haijafutwa.