Chuo jioni, ofisini mchana: maswali yenu kuhusu kubakizwa baada ya intaniship

Nasoma uhasibu jioni hapa Dar, na nusu siku nashika vitabu vya duka la bamdogo. Kwenye sivii niiseme hiyo kazi au niifiche wasinione sina muda?

Iseme, tena na masaa yake. Kinachomtisha bosi ni kutojua utakuwa wapi saa ngapi, kwa hiyo usimwachie abunie. Andika hivi: "Msaidizi wa hesabu, saa 20 kwa wiki, 2024 hadi sasa", na chini yake "Shahada ya uhasibu, masomo ya jioni kuanzia saa 11 na nusu, namaliza 2026". Halafu sema ulichokuwa unafanya kweli, mfano kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki kila mwisho wa mwezi. Ile "nasaidia biashara ya familia" haisemi kitu, mtu wa hesabu akiisoma anadhani ulikuwa unauza soda.

Kwenye usaili wameniuliza "na chuo je, utaweza?" nikajibu "nitajitahidi" wakanyamaza. Ningejibu nini?

"Nitajitahidi" ndiyo iliyokuangusha ndugu yangu. Ofisi ya hesabu ina kalenda yake, PAYE na SDL mwisho tarehe 7, ritani ya VAT tarehe 20, na wewe una yako ya mitihani ya chuo, na kama uko kwenye mitihani ya bodi NBAA basi Mei na Novemba. Ziweke zote mbili kwenye karatasi moja uone zinagongana wapi kabla hujaingia kwenye chumba cha usaili, kisha useme wewe mwenyewe: "Mtihani wangu unaanza tarehe 18 Februari, kazi ya VAT ya mwezi huo nitakuwa nimeimaliza tarehe 14, nitaomba ruhusa siku tatu tu." Hapo hawana cha kuuliza tena maana umeshawajibia.

Intaniship yangu ya miezi mitatu inaisha mwezi ujao, bosi ananisifu kila siku ila habari ya kubaki haigusi. Niulize au nisubiri?

Uliza wiki hii. Nafasi mpya inataka bajeti na saini za watu, ukingoja siku ya kuagwa watakupa keki na barua ya pongezi. Ila usiende na "naomba kazi", nenda na kitu ambacho ukiondoka kitawauma.

Kuna dada namfahamu alikuwa intani kwa waagizaji wa spea. Kila mwezi tarehe 19 ofisi ilikuwa vurugu, risiti za EFD za manunuzi nyingine hazina TIN na VRN ya kampuni, muuzaji amezitoa kama za mteja wa kawaida tu, na risiti ya hivyo huwezi kudai nayo VAT uliyolipa. Sasa yule dada akaanza kuzikagua kila Ijumaa, yenye kasoro anamrudishia muuzaji wiki hiyo hiyo wakati bado anaikumbuka, na akaweka orodha kwenye Excel: tarehe, muuzaji, kiasi cha VAT, kasoro, imerekebishwa lini. Fikiria mzigo wa shilingi 5,900,000 pamoja na VAT ya asilimia 18, hapo ndani kuna 900,000 ambayo ingepotea kwa sababu ya risiti moja mbovu. Alipokwenda kwa mhasibu mkuu alifungua hiyo orodha, akaonyesha jumla ya VAT iliyookolewa, akauliza, "Nikiondoka hii kazi anaishika nani?" Mkuu ndiye aliyemsemea juu, na siku hiyo hiyo jioni dada akamwandikia barua pepe fupi ya walichoongea ili yasiishie mdomoni.

Na kama wewe huna cha kuonyesha, bado una wiki kadhaa, tafuta kero moja tu.

Ofa imekuja! Ila inasema Jumatatu hadi Jumamosi na mimi Jumamosi nina vipindi. Nisaini kwanza tuelewane baadaye?

Hongera, ila weka kalamu chini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu hadi saa 45 za kawaida kwa wiki, kwa hiyo saa 8 kwa siku tano ni 40 na zile 5 za Jumamosi wamezijaza kihalali kabisa, huwezi kuwaambia wanakuonea. Unachoweza ni kupendekeza saa 9 kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa, ambayo pia ni 45 na sheria hiyo hiyo inaikubali, mradi uingie asubuhi mapema uwahi kipindi cha jioni. Wakikubali iandikwe kwenye mkataba wenyewe, usiridhike na "tutaelewana", maana meneja akihama umebaki na maneno. Na kumbuka kabla hujatimiza miezi 6 kazini ile kinga ya kuachishwa isivyo haki bado haikuhusu, kwa hiyo Jumamosi ya kwanza ukikosekana bila karatasi utakuwa huna pa kushika.